Kusafisha anga kabla ya kuunganisha picha: madoa ya vumbi la sensa na ukungu wa lenzi

Ukichukua anga kutoka picha moja ukaliweka nyuma ya jengo au mtu kwenye picha nyingine, kuna kazi moja inabidi uimalize kwanza, nayo ni kuondoa madoa ya vumbi la sensa na ukungu unaoachwa na lenzi chafu. Kwa kifupi ndo maana ya kusafisha anga. Watu wengi wanaifanya mwishoni wakishaona doa limejitokeza, na hapo ndo inakua ngumu mara tatu, kwa hiyo ngoja nieleze kwa nini inafanywa mwanzo na inafanywaje.

Tuanze na vumbi. Tunasema vumbi la sensa lakini ukweli ni kwamba chembe haikai kwenye sensa yenyewe, inakaa kwenye kioo chembamba kilicho mbele ya sensa, na kinachoonekana kwenye picha ni kivuli chake. Ukipiga f/16 mwanga unapita kwenye tundu dogo la lenzi na unafika ukiwa mwembamba, kwa hiyo kivuli kinakua kidogo, cheusi na chenye ukingo unaoonekana. Ukipiga f/2.8 mwanga unatoka pembe nyingi, unazunguka chembe, kivuli kinatanuka na kufifia mpaka hukioni. Ndo sababu kamera ile ile inaweza kutoa picha za watu safi kabisa wiki nzima, halafu siku unapiga mandhari na f/16 anga linajaa vidoa. Vumbi halijaingia siku hiyo, lilikuwepo tu.

Ukungu wa lenzi ni kitu kingine kabisa. Alama ya kidole au mafuta kwenye kioo cha mbele haiko kwenye fokasi hata kidogo, kwa hiyo haitoi kidoa, inatawanya mwanga. Unapata eneo kubwa lisilo na ukingo ambalo limepauka, kama maziwa yamemwagiwa maji, hasa jua likiwa linaipiga lenzi. Doa la vumbi ni jeusi kuliko anga, ukungu ni mweupe kuliko anga. Shika hiyo tofauti kwa sababu dawa zake hazifanani, na makosa mengi yanatokana na kutumia dawa ya kwanza kwenye tatizo la pili.

Sasa kwa nini kabla ya kuunganisha? Chukua mfano wa anga la bluu la pikseli 6000 kwa 4000, lina doa la upana wa pikseli 30 ambalo ni jeusi kuliko jirani zake kwa hatua 3 tu za mwangaza kati ya 255. Kwa macho hulioni. Halafu unalileta kwenye picha yako, unalikuza 160% ili lijaze nafasi, unaligeuza kushoto kulia ili jua lilingane na kivuli cha jengo, unaongeza kontrasti kwa mkunjo mkali wa Curves unaozidisha tofauti mara 3 hivi. Doa sasa lina pikseli 48 na ni jeusi kwa hatua 9, na kwenye anga tupu hatua 9 zinaonekana na mtu yeyote hata kwenye simu. Ukianza kulifuta hapo unafuta kitu kilichokuzwa na kuvutwa, chenga zake, zile punje ndogo ndogo za picha, nazo zimekua kubwa, na kila ukirudi kubadilisha rangi ya anga viraka vyako vinabaki na rangi ya zamani. Ukifuta mwanzoni kabla hujagusa chochote, kiraka kinasafiri pamoja na anga kila litakapopelekwa.

Shida ni kwamba huwezi kufuta usichokiona, kwa hiyo hatua ya kwanza ni kulilazimisha anga lionyeshe uchafu wake. Kwenye Photoshop weka leya ya Curves, ile ya mkunjo wa mwangaza, juu kabisa, halafu mstari ule ulionyooka ukunje uwe kama mawimbi: uvute juu, chini, juu, chini. Anga litageuka kuwa mistari mikali ya rangi inayotisha kidogo, usijali, leya hii ni ya kukagulia tu na baadaye unaizima. Kila doa litaonekana kama jicho, na ukungu utaonekana kama mahali mistari imepinda bila sababu, kwa sababu anga safi hubadilika rangi taratibu na kwa mpangilio. Sogeza sogeza mawimbi yale kidogo maana doa linaweza kujificha kwenye mstari mmoja likatokea kwenye mwingine. Kama unatumia Lightroom kuna Visualize Spots ndani ya kifaa cha kuponya, inafanya kazi inayofanana, ila kwa ukungu mpana Curves inaonyesha vizuri zaidi.

Kabla hujaanza kufuta hakikisha ni doa kweli. Ndege wa mbali anafanana sana na doa. Fungua picha iliyofuata ya kamera ile ile, vumbi litakua pale pale kwenye fremu hata kama ulisogeza kamera, ndege hatakuwepo.

Kufuta sasa. Tengeneza leya tupu juu ya anga lakini chini ya ile Curves ya ukaguzi, chukua Healing Brush, brashi ya kuponya inayofunika doa kwa sampuli ya sehemu nyingine, na kwenye Sample chagua Current & Below. Hii ya Current & Below sio ya kupuuza, ukiweka All Layers huku Curves imewaka brashi inachukua rangi zile za kutisha na kuzipaka kwenye leya yako, halafu ukizima Curves unakuta anga lina viraka vya zambarau na njano. Brashi iwe kubwa kidogo kuliko doa, iguse doa lote na ukingo wake mara moja, usipapase papase.

Kuna vitu viwili kwenye brashi ambavyo watu hawaambiwi. Cha kwanza ni pa kuchukulia. Anga hubadilika zaidi kutoka juu kwenda chini kuliko kushoto kwenda kulia, kwa hiyo chukua sampuli pembeni kwenye kimo kile kile, sio juu wala chini yake. Healing Brush inalinganisha rangi yenyewe lakini ukiisaidia hivi inakua na kazi ndogo ya kufanya na haikosei. Pia badilisha badilisha sampuli, ukitumia sehemu moja kwa madoa kumi, mpangilio ule ule wa chenga unajirudia na mkunjo mkali utaufichua. Cha pili ni ugumu wa ukingo wa brashi. Kwa hisia unadhani ukingo laini ndo salama, lakini kwa Healing Brush weka mgumu, karibu 100%. Ukingo laini unachanganya chenga za zamani na za sampuli nusu kwa nusu, chenga zikichanganywa zinapungua, na unapata kipete laini kuzunguka kiraka ambacho ukiiangalia picha kwenye 100% kinaonekana kama sehemu iliyopigwa pasi. Brashi hii tayari inalinganisha rangi yenyewe, haihitaji ulaini wako.

Doa likiwa karibu na ncha ya mti au ukingo wa paa mambo yanabadilika. Healing Brush inaangalia rangi za pembeni ya kiraka ili ilingane nazo, na ikikuta weusi wa majani inavuta ule weusi hadi angani, unapata moshi. Hapo piga seleksheni ya anga ifuate ukingo wa mti kwanza, halafu uponye ndani yake. Ikiendelea kuvuta moshi acha Healing Brush chukua Clone Stamp, hii haina ujanja wa rangi inanakili tu, kwa hiyo sampuli lazima itoke kimo kile kile karibu kabisa, na hapa ndo ukingo laini unafaa.

Ukungu sasa, na hapa tafadhali weka brashi ya kuponya pembeni. Eneo la pikseli 900 huwezi kulifunika na kiraka bila kuharibu mpito wa rangi ya anga. Na usiblai anga zima pia, najua inashawishi, lakini ukiblai unaua chenga zote, na anga lisilo na chenga nyuma ya jengo lenye chenga linaonekana limebandikwa hata kama rangi imelingana, tena kwenye faili la biti 8 mpito laini sana unapasuka kuwa ngazi ngazi.

Unachofanya ni kupima kwanza. Tuseme nje ya ukungu, kwenye kimo kile kile, anga linasoma nyekundu 118, kijani 156, bluu 201, na katikati ya ukungu linasoma 126, 161, 202. Ona nyekundu imepanda 8, kijani 5, bluu 1. Ndivyo weupe unavyofanya kazi, unaongeza mwanga kwenye chaneli zote lakini ile iliyokua na giza zaidi ndo inaonyesha sana. Kwa hiyo ukishusha mwangaza tu wa jumla, ukungu unageuka doa la kijivu. Weka leya ya Curves, ingia chaneli moja moja, shusha nyekundu kutoka 126 mpaka 118, kijani kutoka 161 mpaka 156, bluu iguse kidogo tu. Maski yake, ile inayoamua leya ifanye kazi wapi, ijaze nyeusi, halafu upake nyeupe kwa brashi kubwa laini kabisa yenye nguvu ndogo, 10% hivi, ukianzia katikati na kutoka nje taratibu huku unaangalia ile Curves ya ukaguzi. Mistari iliyopinda ikianza kunyooka unakaribia. Usitafute inyooke kama rula, anga lenyewe halijanyooka hivyo. Fanya hii kwenye biti 16, kama picha ilikua RAW ifungue hivyo tangu mwanzo, maana kuigeuza JPEG kuwa biti 16 baadaye hakurudishi ngazi zilizopotea, ingawa marekebisho yako mapya yatapita kwa ulaini zaidi.

Njia hii ina mpaka wake. Inafanya kazi kwa sababu anga tupu halina maelezo ya ndani ya kupoteza. Ukungu ukipita juu ya mawingu membamba, kontrasti ya mawingu yale imekufa pia na kurekebisha rangi peke yake hakuirudishi, utaongeza kontrasti kidogo ndani ya maski ile ile na ukiona inaleta chenga nzito kuliko pembeni, badilisha anga. Kama ulipiga picha kadhaa mfululizo cheki kama kuna moja ambayo jua lilikua limefunikwa, mara nyingi humo ukungu ni hafifu sana.

Ukimaliza washa Curves ya ukaguzi mara ya mwisho, kagua kwenye 100% ukitembea kona hadi kona, halafu izime. Chagua leya zote za anga, anga lenyewe, leya ya viraka na Curves ya ukungu, uzigeuze Smart Object moja, yaani kifurushi kimoja kinachotunza leya zote ndani yake, ndo uilete kwenye picha kubwa. Hapo ukikuza, ukigeuza, ukibadilisha rangi vyote vinakwenda pamoja, na likijitokeza doa ulilolikosa unafungua Smart Object unalifuta kwenye saizi yake ya asili unarudi.