Myuoni 563 juu ya mlima, 412 chini

Weka kiganja chako wazi sasa hivi, kila dakika myuoni moja hivi, chembe ndogo ya jamii ya elektroni ila nzito zaidi, inapita kwenye kila sentimita mraba yake. Zinazaliwa kama kilomita 15 juu, miale ya kosmiki, yani chembe zinazotoka anga za mbali, inapogonga hewa, na wastani wa maisha yake kabla haijaoza ni mikrosekunde 2.2 tu, yani sehemu 2.2 za milioni ya sekunde. Hata ikikimbia karibu sawa na mwanga, kwa muda huo inafika mita 660. Sasa hizi za kiganjani zimetoka wapi?

Wengi wanarukia kusema "zilitakiwa zife zote baada ya mita 660", hapana, hapo ndo watu wanateleza. 2.2 ni wastani, sio siku ya mwisho. Ukipita huo muda inabaki kama asilimia 37, ukipita tena inabaki 37 ya hiyo 37, yani huwezi kusema kitu mpaka uhesabu.

Wanafizikia Frisch na Smith walihesabu, wakachapisha mwaka 1963. Walipanda Mount Washington kule New Hampshire na kipande cha plastiki kinachotoa mwanga myuoni ikiingia. Ikisimama mle ndani unaona mmweko wa kwanza, inatulia kidogo, halafu ikioza inatoa elektroni na unapata mmweko wa pili, na ule mwanya kati ya mimweko miwili ndo umri wake ikiwa imetulia. Kwaiyo saa ya myuoni waliipima palepale, hawakuazima namba ya mtu.

Juu walipata 563 kwa saa moja. Kushuka mita 1907 kunachukua mikrosekunde 6.4, na kwa mimweko waliyopima, kama saa ya myuoni ingeenda sawa na yetu, chini zingebaki 27 hivi. Wakashuka Cambridge, Massachusetts, usawa wa bahari, wakapata 412!

Sasa geuza hesabu. Ili 563 zibaki 412 unahitaji mikrosekunde 0.7 tu za kuoza, wakati saa yetu imehesabu 6.4, yani saa ya myuoni imeenda taratibu kama mara 9. Ukisafiri na myuoni yenyewe saa yako iko sawa kabisa, ila mlima ndo umefupika, unauona kama mita 210 tu.

Mwendo wao ulikuwa 0.995 ya mwanga, na fomula ya Einstein ya jinsi saa inayokimbia inavyoenda taratibu inakupa mara 10 pale juu, ila hewa inazipunguza kasi njiani, ndo maana wastani wa safari nzima uko chini ya 10.

Na hiyo hewa ndo ukiisahau inakuharibia kila kitu. Juu waliweka chuma cha kama sentimita 75 juu ya plastiki ili zisimame zile za mwendo huo tu, zilizo taratibu zinaishia kwenye chuma na zenye kasi zaidi zinapitiliza. Chini ilibidi watoe kama sentimita 30, kwa sababu hewa ya mita 1907 imeshafanya kazi ya kile kipande, la sivyo ungekuwa unalinganisha myuoni tofauti kabisa na zile ulizohesabu mlimani.