Mgongano wa vitufe vya skrinshoti: maana yake na namna ya kuuondoa

Mgongano wa vitufe ni hali ambapo programu mbili ndani ya kompyuta moja zinadai kitufe kilekile, au mchanganyiko uleule wa vitufe, kwa kazi mbili tofauti. Kwenye skrinshoti hutokea sana, kwa sababu karibu kila programu ya kupiga picha za skrini hutaka kitufe kimoja: PrtSc, ambacho kwenye kibodi nyingi kipo safu ya juu, upande wa kulia. Unakibonyeza ukitarajia programu yako ifunguke, inafunguka nyingine. Au hakifunguki kitu kabisa.

Nitaeleza kwa kutumia Windows 11, maana ndiko tatizo hili limeongezeka tangu 2023. Kabla ya hapo, PrtSc ikibonyezwa peke yake ilinakili skrini nzima kimyakimya, ukaenda kuibandika kwenye Paint au Word. Mwaka huo Microsoft walianza kukifanya kitufe hicho kifungue Snipping Tool, zana ya Windows yenyewe ya kupiga picha za skrini, bila mtumiaji kuomba. Kwa asiye na programu nyingine hayo ni maendeleo. Kwa anayetumia Greenshot, ShareX au Lightshot, ambazo nazo huanza kazi kwa PrtSc, hapo ndipo mvutano unapoanzia.

Ili kuuondoa, inafaa kujua Windows inagawaje vitufe. Programu inayotaka mchanganyiko ufanye kazi popote ulipo, hata kama umefungua kivinjari au barua, huiomba Windows iuandikishe kwa jina lake. Ombi hilo kwa watengenezaji wa programu linaitwa `RegisterHotKey`. Kanuni yake ni rahisi: aliyewahi ndiye aliyepata. Programu ya pili ikiomba mchanganyiko huohuo hukataliwa na kurudishiwa kosa namba 1409. Windows haikuulizi wewe unamtaka nani, wala haijali ipi unaitumia zaidi.

Hapo ndipo inapotoka ile dalili inayowachanganya watu: leo kitufe kinafanya kazi, kesho hakifanyi, na hujagusa mpangilio wowote. Programu nyingi hujiwasha zenyewe kompyuta inapowaka, na mpangilio wa kuwaka kwao si lazima ufanane kila siku. Siku Greenshot ikitangulia, PrtSc ni yake. Siku OneDrive, programu ya Microsoft ya kuhifadhi mafaili mtandaoni, ikitangulia, nayo ikiwa imeruhusiwa kuhifadhi skrinshoti, Greenshot inakuta kitufe kimeshachukuliwa. Wengi hudhani kibodi inakufa. Kibodi ni nzima, haina neno.

Kujua kama umekataliwa kunategemea uungwana wa programu yenyewe. Greenshot hukuambia waziwazi: inapowaka huleta ujumbe wenye maneno `could not be registered` na kutaja kitufe kilichokataliwa. Watu huufunga bila kuusoma, kisha wanalalamika baadaye. ShareX huonyesha alama nyekundu kando ya mchanganyiko ulioshindikana, kwenye orodha yake ya `Hotkey settings`. Nyingine hunyamaza tu.

Kuna na njia ya pili ambayo programu hujipatia kitufe, na hii ni ngumu zaidi kuigundua. Badala ya kuandikisha, programu hutega sikio kwenye kibodi yote, ikakisikia kila kitufe kabla hakijafika kwingine, na kile inachokitaka inakimeza. Hapa hakuna kosa wala ujumbe. Programu yako itasema uandikishaji umefanikiwa, na ni kweli umefanikiwa, ila kitufe hakiifikii. Ukiona hivyo, usihangaike na mipangilio ya programu yako. Tafuta mwingine anayesikiliza.

Sasa tuchukue kisa kimoja mpaka mwisho. Una Windows 11, umeweka Greenshot, na unataka PrtSc ikuruhusu kuchagua eneo la skrini na kuliandikia maelezo. Unabonyeza, skrini inafifia na kibao kidogo kinatokea juu katikati. Hicho kibao ni cha Snipping Tool, kwa hiyo mwenye kitufe kwa sasa ni Windows yenyewe. Kama badala yake ungeona taarifa kwamba picha imehifadhiwa OneDrive, mshindani angekuwa huyo. Kama hakuna chochote kinachoonekana, Windows haina ukurasa wa kukuonyesha nani ameandikisha kitufe gani, kwa hiyo inabidi uende kwa kuondoa mmoja mmoja: tazama vialama vidogo karibu na saa, funga programu moja, ifunge na kuiwasha upya Greenshot, angalia kama ule ujumbe umerudi. Ukikosekana, uliyemfunga mwisho ndiye aliyekuwa amekishika.

Kwa Snipping Tool, fungua `Settings`, ingia `Accessibility`, kisha `Keyboard`. Teremka mpaka uone `Use the Print screen key to open screen capture`, uizime. Kwa OneDrive, bofya kialama chake cha wingu, ingia kwenye mipangilio, tafuta `Save screenshots I capture to OneDrive`, uizime pia. Baada ya hapo ifunge Greenshot kabisa, si dirisha lake tu, uiwashe upya. Hatua hii watu huiruka. Greenshot iliyokwisha kukataliwa haijui kwamba kitufe kimeachiwa. Lazima iombe tena. Kama bado inagoma, toka kwenye akaunti yako ya Windows na uingie upya.

Anayesimamia kompyuta kadhaa, tuseme za maabara ya shule au ofisi, hatapenda kupita kwenye kurasa hizo mashine baada ya mashine. Amri hii inazima mpangilio wa Snipping Tool kwa mtumiaji aliyeingia:

```
reg add "HKCU\Control Panel\Keyboard" /v PrintScreenKeyForSnippingEnabled /t REG_DWORD /d 0 /f
```

Ukitaka kuurudisha, weka `1` mahali pa `0`. Hapa pia mtumiaji atoke na kuingia upya.

Kwa maoni yangu, PrtSc peke yake ipewe ile programu unayoitumia kila siku, na Windows iachiwe Win+Shift+S. Mchanganyiko huo hufungua Snipping Tool hata kama umezima mpangilio wa juu, kwa hiyo hupotezi chochote. Unakuwa na zana zote mbili, kila moja na kitufe chake, na hakuna inayomkanyaga mwenzake.

Lakini kuna wakati huwezi kupata PrtSc. Pengine kompyuta ni ya kazini na mipangilio imefungwa, au laptopu yako haina kitufe hicho, au unakipata kwa kushika Fn. Hapo inabidi uchague mchanganyiko mpya, na hapa ndipo watu wanapotoka kwenye mgongano mmoja na kuingia mwingine. Kwenye Greenshot utaupata ukibofya kulia kialama chake, kisha `Preferences`, sehemu ya `Hotkeys`: unabofya ndani ya kikasha cha `Capture region` na kubonyeza vitufe unavyovitaka. Kubadilisha si kazi. Kazi ni kuchagua.

Mfano ninaouona mara kwa mara ni wa mtu aliyezoea Mac, anayeamua kuweka Ctrl+Shift+4 kwa sababu vidole vyake vinaijua. Uandikishaji unakubaliwa bila kelele, kwa kuwa hakuna aliyeuandikisha kwa kompyuta nzima. Kesho yake mhasibu anafungua Excel, anachagua safu ya malipo, anabonyeza Ctrl+Shift+4 ili tarakimu ziwe na alama ya fedha na desimali mbili kama alivyozoea. Badala yake skrini inageuka uwanja wa kupiga picha. Excel haijaharibika. Mikato ya ndani ya Excel, yaani michanganyiko ya vitufe inayotumika humo tu, haiandikishwi Windows. Hufanya kazi tu pale kitufe kinapoifikia Excel. Mchanganyiko ulioandikishwa kwa kompyuta nzima hukamatwa kabla, kwa hiyo Excel haikuupata kabisa. Ndiyo maana Windows haikutoa onyo: kwa hesabu yake hapakuwa na mgongano wowote. Ctrl+Shift+S nayo ni mtego wa aina hiyohiyo, maana programu nyingi huitumia kuhifadhi faili kwa jina jipya, na Firefox huitumia kwa skrinshoti zake zenyewe.

Kwa hiyo kabla hujauandikisha mchanganyiko, ujaribu kwanza. Fungua zile programu tatu nne unazoshinda nazo, bonyeza mchanganyiko unaoufikiria ndani ya kila moja, kwenye faili lisilo na umuhimu. Kama hakuna kinachotokea popote, uko huru kuuchukua. Kipimo hiki kinakupa jibu la kompyuta yako wewe, na orodha yoyote ya mikato iliyoandikwa mahali pengine haiwezi kufanya hivyo.

Wanaotumia kibodi ya Kifaransa, kama wengi walioko Kongo na Burundi, wana tahadhari moja zaidi. Windows huichukulia AltGr kuwa ni Ctrl na Alt zikibonyezwa pamoja. Kwenye kibodi ya Ufaransa alama ya @ hupatikana kwa AltGr na kitufe cha 0. Ukiandikisha Ctrl+Alt+0 kwa skrinshoti, basi kila utakapotaka kuandika anwani ya baruapepe, utapiga picha ya skrini badala ya kupata @. Kwenye kibodi ya Ubelgiji @ iko kwenye kitufe cha 2, kwa hiyo hapo usiguse Ctrl+Alt+2. Kwa ujumla, anayetumia kibodi yenye AltGr aepuke Ctrl+Alt pamoja na tarakimu au herufi.

Usijaribu kuingiza Fn kwenye mchanganyiko wako. Kwenye laptopu nyingi kitufe hicho hushughulikiwa ndani ya kibodi yenyewe, Windows haikioni, na kikasha cha Greenshot hakitakiandika. Vilevile michanganyiko yenye kitufe cha Windows iache. Mingi imewekwa akiba kwa ajili ya mfumo.

Kwenye Mac mambo ni mepesi. Skrinshoti zake, yaani Shift+Command+3, 4 na 5, hubadilishwa mahali pamoja: `System Settings`, `Keyboard`, `Keyboard Shortcuts`, kisha `Screenshots`. Unabofya mara mbili juu ya mchanganyiko uliopo na kubonyeza mpya. Ukiugonganisha na mkato mwingine wa mfumo, pembetatu ya njano hutokea kando yake, ingawa haikuonyi kuhusu mikato iliyo ndani ya programu nyingine.

Ukishamaliza kubadilisha, jaribio la kweli si kubonyeza kitufe palepale. Zima kompyuta uiwashe upya, subiri programu zote zinazojiwasha ziishe kupanda, ndipo ubonyeze. Rudia hivyo siku mbili tatu. Mgongano unaotegemea nani amewahi hujificha vizuri siku ya kwanza, hasa kama mshindani alikuwa amefungwa wakati unafanya marekebisho.