Ukikataa chakula cha usiku, taja chai yenye siku na saa

Katika kazi yangu ya kuchunguza na kufundisha namna watu wanavyotumia lugha katika maingiliano, hakuna tendo la usemi linalonishughulisha kama kukataa mwaliko wa chakula cha usiku. Leslie Beebe, Tomoko Takahashi na Robin Uliss-Weltz, katika uchambuzi wao wa mwaka 1990 kuhusu namna Wajapani na Wamarekani wanavyokataa, walitenganisha mambo mawili ambayo wengi wetu huyachanganya: kumpa mwenyeji jambo jingine badala ya lile aliloomba, na kumwahidi kwamba utakuja wakati mwingine. Nimeona kwamba tofauti hiyo inatufaa sana sisi, kwa sababu kauli kama "siku nyingine, Mungu akipenda" ni ahadi isiyo na tarehe, na mwenyeji mzoefu huisikia kama mlango uliofungwa taratibu. Chai ya Jumapili saa kumi, au simu ya Jumatano baada ya isha, ni jambo ambalo mwenyeji anaweza kulikubali au kulikataa papo hapo.

Tuchukue mfano wa binti anayefanya kazi hospitalini Dar es Salaam, ambaye shangazi yake amemwalika kula Jumamosi usiku, siku ambayo yeye ana zamu. Mwaliko wa mkubwa haujibiwi kwa ujumbe mfupi ikiwa simu inaweza kupigwa, na apige mapema, kabla shangazi hajaagiza samaki au kuloweka mchele. Baada ya shikamoo na kujuliana hali, aseme hivi: "Nimeshukuru sana kwa mwaliko, shangazi. Jumamosi sitaweza kuja kula, nina zamu ya usiku. Ukiniruhusu, nitapita Jumapili saa kumi tunywe chai, na kabla ya magharibi nitakuwa nimeaga. Vitafunwa nitakuja navyo mimi, usiwashe jiko kwa ajili yangu."

Mpangilio huo una sababu zake. "Sitaweza" imetangulia chai, kwa kuwa chai ikitajwa kwanza mwenyeji hudhani kwamba bado kuna nafasi ya kujadiliana, naye atasema, "Basi njoo yote mawili." Udhuru ni mmoja, wa kweli, na hauko mikononi mwa shangazi kuutatua. Anayesema amechoka ataambiwa aje apumzike huko huko, na anayesema hana usafiri atatumiwa kijana wa bodaboda. Saa ya kuondoka imetajwa kwa sababu katika nyumba nyingi za pwani mgeni aliyekaa hadi magharibi hawezi kuachwa aondoke bila kula, na hapo chai hugeuka kuwa kile kile chakula alichokikataa. Sentensi ya vitafunwa ndiyo ninayoisisitiza zaidi kwa wanafunzi wangu, kwani bila hiyo shangazi ataamka kukaanga vitumbua na kukanda chapati, na mzigo wake utakuwa umehama siku tu.

Simu fupi hufaa pale umbali au afya inapozuia hata chai, lakini nayo inahitaji ukamilifu. Mwenye kukataa aseme kwamba atapiga yeye, ili gharama ya muda wa maongezi isimwangukie aliyekwisha kumkaribisha, kisha ataje saa ambayo mwenyeji hayuko jikoni wala msikitini.

Ipo mialiko ambayo mbadala huu hauitoshelezi. Mwaliko wa futari katika Ramadhani haujibiwi kwa chai ya alasiri mbele ya mtu aliyefunga. Hapo ni bora kuomba kupita baada ya tarawehe. Shughuli ya posa au hitima inahitaji uwepo wako wenyewe, au wa mtu wa nyumbani kwako atakayekuwakilisha. Na ikiwa hutaki kabisa ukaribu na aliyekualika, kama ilivyo kwa mwanamke anayealikwa kila mara na mkuu wake wa kazi, usitoe chai wala simu: shukuru, kataa, unyamaze, kwa maana mbadala wowote utasomwa kama kukubali kwa awamu.

Jibu la mwenyeji litakuonyesha kama amekuelewa. Shangazi akiuliza, "Saa kumi ile ile baada ya alasiri?" au akikuagiza umletee mkate wa mofa, ameupokea mpango. Akisema tu, "Haya mwanangu, tutaonana," basi ameisikia ahadi hewa, hata kama wewe ulitaja siku na saa. Hapo usikate simu. Muulize, "Shangazi, Jumapili saa kumi utakuwepo nyumbani?" na usubiri akujibu.