Maji ya kunywa, mbona hayafai kuoshea lenzi za macho?

"Dawa ya lenzi ikiniishia usiku, kwa nini nisizisuuze kwa maji ya bomba, au hata kwa mate, mradi asubuhi nizivae?"

Ndani ya maji ya bomba huweza kuwamo kiumbe kidogo kiitwacho akanthamoeba. Ukikinywa, hakikudhuru. Kikinaswa chini ya lenzi, hula konea, ule utando angavu ulio mbele ya mboni. Kikibanwa, hujifungia ndani ya gamba gumu lisilotishwa na klorini ya kawaida ya bomba. Na hapa Nairobi, kwa sababu ya mgao, maji hukaa siku kadhaa kwenye tangi la paani, ambako utelezi wa kuta humlisha mgeni huyo.

Kuchemsha pia hakutoshi. Maji hayo hayana chumvi kama ya machozi, kwa hiyo lenzi laini huyanywa, huvimba, hung'ang'ania konea na kuikwaruza. Vijidudu hupenyea papo hapo. Mate nayo yamejaa bakteria wa kinywani, hata ukiwa umetoka kupiga mswaki.

Tuseme vumbi limemwingia mfanyakazi wa ofisi kule Upper Hill, akaisuuza lenzi kwenye sinki na kuirudisha jichoni. Siku hiyo hahisi kitu. Baada ya siku au wiki kadhaa jicho linakuwa jekundu, mwanga unamchoma, na maumivu yanazidi mno wekundu unaoonekana. Ananunua matone ya kuua bakteria, hayasaidii. Hata daktari anaweza kudhani ni virusi vya hepesi, hadi konea ikwanguliwe na kupimwa. Matibabu huanza kwa matone kila saa, usiku na mchana, na huendelea kwa miezi. Wengine hubaki na kovu linalofifisha kuona.

Dukani, chupa zinafanana, lakini kilichomo hakifanani. Selaini ni maji ya chumvi tu: husuuza, haiui vijidudu. Dawa ya matumizi yote husafisha, huua na kuhifadhi, lakini magamba ya akanthamoeba huweza kuishinda, ndiyo maana maji hayatakiwi kabisa. Sugua lenzi kiganjani kwa dawa hiyo hata kama chupa inasema si lazima, na kila usiku mwaga iliyobaki kibwetani, usiiongezee. Haidrojeni peroksaidi ya asilimia 3 ina nguvu zaidi, nami ningeichagulia macho yanayowashwa na dawa nyingine. Ila lazima ikae kwenye kibweta chake maalumu, kwa kawaida kwa muda wa saa 6, mpaka ipoe makali. Ikiingia jichoni kabla ya hapo, utapiga yowe.

Dawa ikiisha usiku na maduka yamefungwa, vua lenzi, uzitupe, uvae miwani. Jozi mpya ni ghali, lakini si kama miezi ya matone ya kila saa.