Spana mbili, moto kidogo, na bomba lisilozunguka ukutani

"Nimeona fundi akifungua mabomba ya chuma yaliyoshikwa na kutu. Alitumia spana mbili zinazopingana, kisha akaweka moto. Kwa nini mbili, na huo moto unafanya nini hasa?"

Chukua bomba la nusu inchi linalotoka ukutani. Mwisho wake pana soketi, kiungo kifupi chenye hesi, yaani mikunjo ya kukazia, kwa ndani; na ndani ya soketi imefungwa elbo, kiungo cha kona, yenye hesi za nje. Elbo ndiyo inayotakiwa kutoka. Ukiishika kwa spana moja na kuizungusha, nguvu haiishii hapo: inapita kwenye soketi, inaingia kwenye bomba na kufika hadi tii, kiungo cha njia tatu, iliyofukiwa ukutani. Kitakacholegea ni kiungo dhaifu kuliko vyote, na mara nyingi sicho unachokitaka. Elbo inabadilishwa leo, baada ya siku chache plasta inaanza kulowa.

Spana ya pili hukamata soketi na kuizuia nguvu isipite. Spana ya bomba huuma ikizungushwa kuelekea upande mdomo wake ulikofunguka, na ikigeuzwa kinyume inateleza. Kwa hiyo midomo ya spana hizi mbili lazima iangalie pande tofauti. Zishike karibu na kiungo kadiri inavyowezekana, na ile ya elbo iume shingo yake, penye ukingo mnene.

Wengi hukosea kwenye mipini. Wanaweka mmoja kushoto na mwingine kulia, kisha wanaikandamiza yote chini. Kweli, msokoto wa spana moja unafuta msokoto wa nyingine, lakini mikono yote miwili inasukuma chini, na bomba linapinda pale linapotoka ukutani. Weka mipini yote upande mmoja, ikiachana kidogo kama mkasi uliofunguliwa nusu. Ukiitazama elbo kwa mbele na mipini ikiwa kulia kwako, mpini wa elbo uwe chini na wa soketi uwe juu. Sasa ilete pamoja: wa chini unapanda, wa juu unashuka. Nguvu zinafutana hapo hapo kwenye kiungo, na ukuta hauhisi chochote. Usiache vidole katikati ya mipini, maana kutu huachia ghafla.

Kabla ya kuanza, chora mstari wa chaki kutoka kwenye soketi hadi kwenye bomba, uendelee mpaka ukutani. Mstari ukikatika kati ya soketi na bomba, kiungo kisichotakiwa ndicho kinacholegea. Chaki ya bomba ikiachana na ile ya ukutani, bomba zima linazunguka. Simama mara moja.

Ikigoma, ndipo moto unapohitajika. Hesi hizi zimechongwa zikipungua unene kuelekea mwisho, kipenyo kikishuka milimita 1 kwa kila milimita 16 za urefu, kwa hiyo tangu siku ya kwanza elbo imekaa kama kabari. Kutu nayo hujaza nafasi kubwa kuliko chuma kilicholiwa, ikaibana zaidi. Ukiipasha soketi nyuzi 200 zaidi, inapanuka takribani milimita 0.05 tu. Ni kidogo, lakini kutu haivutiki, inapasuka. Siri ni kupasha soketi peke yake, haraka, huku moto ukiizunguka pande zote. Ukichelewa, elbo nayo inapata joto na kupanuka, na faida inapotea.

Kabla ya hapo funga maji na uyatoe yote bombani, mfereji ukiwa wazi. Maji yaliyobaki hunywa joto, na yakifungiwa ndani mvuke wake unaweza kulipuka. Fungua madirisha. Zinki iliyopakwa kwenye chuma huyeyuka karibu na nyuzi 420. Ukiiona inang'aa na kutiririka, au ukiona moshi mweupe, ondoa moto, kwani mafusho ya zinki huleta homa na kutetemeka saa chache baadaye. Na kwenye bomba la gesi, usiwashe moto kabisa.

Moto ukiondoka, anza kwa kukaza kidogo sana, kisha ndipo ulegeze. Mwendo ule wa kurudi nyuma husaga kutu iliyokwisha kupasuka. Isipotoka, iache ipoe mpaka iguswe bila kuunguza, kisha tia mafuta ya kulegeza kutu. Kupoa kumefungua nyufa yanamoweza kupenya. Lakini ukitaka kurudia moto, yafute kwanza, maana yanawaka.

Baada ya majaribio matatu ya namna hiyo, mimi huacha kupambana. Elbo naikata kwa msumeno karibu na soketi, kisha kwa wembe wa msumeno nakata kipande kilichobaki ndani kwa urefu, mahali pawili, nikisimama pale tu ncha za hesi za soketi zinapoanza kuonekana. Kipande hicho hupigwa patasi kikaangukia ndani, na hesi za soketi zinabaki salama.