Jua linaishia wapi, na Voyager 1 ilijulikanaje imevuka mpaka

Sisi tunaofundisha fizikia ya anga swali hili tunaulizwa sana, hivi jua linaishia wapi? Jibu linategemea unaongelea kitu gani cha jua. Mwanga wake unaenda tu, hauna mwisho, ndo maana walioko mbali huko kama wapo wanaliona kama nyota. Mvutano wake nao unafika mbali sana. Ila kuna kitu cha tatu ambacho kina mpaka kabisa, nacho ni upepo wa jua, yaani chembe zenye chaji, nyingi zikiwa protoni na elektroni, ambazo jua linazitema muda wote kila upande kwa spidi ya kama kilomita 400 kwa sekunde. Eneo lote ambalo upepo huo umelishika ndo tunaliita heliosfia, na sayari zote ziko ndani yake.

Huko nje nako sio patupu. Kati ya nyota kuna gesi na plazma, yaani gesi ambayo chembe zake zina chaji, nyepesi mno lakini ipo, na inasukuma. Upepo wa jua kadri unavyokwenda unatawanyika, ukienda umbali mara mbili unabaki robo, mpaka inafika sehemu unashindwa kusukuma tena. Waliowahi kusimama pale Rufiji inapomwaga maji baharini watanielewa, maji ya mto yanasukuma, bahari nayo inasukuma, na mahali zinapokabana mto ukijaa panasogea nje na ukipungua panarudi ndani. Heliosfia nayo inapumua hivyo hivyo kwa sababu jua lina mzunguko wake wa kama miaka 11 wa kuchangamka na kutulia.

Kabla ya mpaka wenyewe kuna sehemu upepo unafunga breki ghafla. Voyager 1, chombo cha NASA kisicho na watu, ilipita hapo Desemba 2004, ikiwa mbali mara 94 ya umbali wa dunia na jua (umbali huo mmoja ni kilomita milioni 150). Voyager 2 ambayo ilielekea upande mwingine ikapita hapo Agosti 2007 ikiwa kwenye mara 84 hivi, kwa hiyo ujue pia kwamba hili puto letu sio duara safi. Baada ya hapo upepo unakwenda polepole, umejaa joto na vurugu, na mwisho wa vurugu hizo ndo mpaka, unaitwa heliopozi.

Sasa tuje kwenye utamu wenyewe. Voyager 1 ilirushwa Septemba 1977 ikiwa na kifaa maalum cha kupima plazma, kifaa ambacho ndo kingetuambia moja kwa moja kwamba upepo wa jua umekata, lakini kiliharibika mwaka 1980, zaidi ya miaka 30 kabla ya kazi yenyewe. Kwa hiyo chombo kikafika mpakani bila kipimo kinachohitajika. Utajuaje umevuka?

Tarehe 25 Agosti 2012 vifaa vilivyobaki vikaonyesha mabadiliko makubwa. Chembe zinazotoka ndani ya heliosfia zikaporomoka karibu kupotea kabisa, na miale ya kosmiki, yaani chembe zenye spidi kubwa mno zinazotoka kwenye galaksi, ambayo heliosfia huwa inaizuia sehemu kubwa, ikapanda na kubaki juu. Ukiangalia hilo tu utasema basi, imetoka. Lakini watu walitegemea pia uga wa sumaku ubadilishe uelekeo, maana sumaku ya huku ni ya jua na ya kule ni ya galaksi, hakuna sababu zielekee upande mmoja. Uga ukaongezeka nguvu, ila uelekeo haukubadilika, karibu uleule! Hapo wanasayansi wakagawanyika, wengine imetoka wengine bado, na mimi naona waliosita walikuwa na haki, kwa sababu chembe zinaweza kuchuruzika kupitia mistari ya sumaku hata kama bado uko ndani. Kinachoamua ni plazma, na kipimo cha plazma kilishakufa.

Jua lenyewe ndo likamaliza ubishi. Machi 2012 lilikuwa na milipuko mikubwa, na mshtuko wake ukasafiri zaidi ya mwaka mzima mpaka ukaikuta Voyager 1 mwezi Aprili 2013. Mshtuko ukifika unazifanya elektroni za plazma zianze kutikisika, na mtikisiko huo chombo kinaunasa kwa antena zake mbili za mita 10 kila moja. Uzuri ni kwamba spidi ya kutikisika inategemea elektroni zimesongamana kiasi gani tu, basi, na hesabu yake ni fupi:

```
f = 8980 × √n
```

Hapo f ni mitikisiko kwa sekunde, yaani hezi, na n ni idadi ya elektroni kwenye sentimita moja ya ujazo. Timu ya Don Gurnett wa Chuo Kikuu cha Iowa ilikuta mtikisiko wa kama hezi 2600. Gawa kwa 8980 unapata 0.29, zidisha yenyewe kwa yenyewe unapata kama 0.08. Kwa lugha ya dukani, elektroni 80 kwenye lita moja. Ndani ya heliosfia, karibu na mpaka, tulitegemea elektroni 2 tu kwa lita, na hiyo ingetoa mtikisiko wa hezi 400 hivi. Tofauti ni mara 40, hakuna namna ya kuipatanisha na kuwa ndani. Wengi wanashangaa hapa kwa sababu wanadhani ukitoka nje unaingia kwenye utupu zaidi, kumbe nje ndo kuzito na kuna baridi kuliko pale ulipotoka.

Wakarudi kwenye rekodi za zamani wakakuta mtikisiko mwingine dhaifu wa Oktoba na Novemba 2012, nao unaonyesha plazma nzito ila kidogo chini ya ile ya 2013. Wakaunganisha wakarudi nyuma, wakaangukia Agosti 2012, palepale chembe zilipoporomoka. NASA ikatangaza Septemba 2013, yaani mwaka mmoja na zaidi baada ya tukio, na mpaka huo ulikuwa mara 121 hivi ya umbali wetu na jua, kama kilomita bilioni 18.

Voyager 2 ilikuwa rahisi zaidi maana kifaa chake cha plazma kilikuwa kizima. Tarehe 5 Novemba 2018, kwenye mara 119, upepo wa jua ukashuka ghafla na kupotea. Na sumaku? Uelekeo wake hata hapo haukubadilika sana, kwa hiyo ile iliyowababaisha watu 2012 haikuwa ajali ya sehemu moja, na sababu yake bado inachunguzwa.

Kitu kimoja tu watu wanakosea, kuvuka heliopozi sio kutoka kwenye mfumo wa jua. Kuna wingu la Oort, vipande vya barafu vilivyoshikwa na mvutano wa jua, na Voyager 1 pamoja na spidi yake ya kilomita 17 kwa sekunde itahitaji kama miaka 300 kulifikia, halafu labda miaka 30,000 kulimaliza.

Umeme nao unapungua, plutoniamu inayovilisha vyombo inapoteza kama wati 4 kila mwaka, hivyo vifaa vinazimwa kimoja kimoja. Mwishoni mwa Septemba 2024 kile kipimo cha plazma cha Voyager 2 nacho kikazimwa, kwa hiyo sasa vyombo vyote viwili kama vinataka kujua uzito wa plazma iliyovizunguka vinabaki na njia ile ya antena na hezi.