Mashine ya kidole inasema Jumatatu, lakini tuulize vizuri kabla ya kugawa barua za onyo

Mimi kazi yangu ni rekodi za wafanyakazi, na siku hizi ofisi nyingi hapa Kampala na hata kule wilayani zina mashine ya kidole pale mlangoni. Mwisho wa mwezi mashine inatema ripoti, bosi anaangalia namba iliyo kubwa kuliko zote, halafu anaita mkuu wa idara. Hapo ndio shida inaanza maana ile namba kubwa mara nyingi haisemi kile bosi anafikiri inasema.

Tuchukue mfano, namba ni za kufundishia tu. Ofisi moja ina watu 20 stoo, 8 uhasibu na 12 wa usafi. Mwezi ni wa wiki 4 kamili, hauna sikukuu ndani yake. Stoo na uhasibu wanafanya siku 5 kwa wiki, wa usafi siku 6. Kuingia ni saa mbili asubuhi, mashine itaonyesha 08:00, na wamepewa dakika 10 za huruma. Ripoti inatoka: stoo wamechelewa mara 36, uhasibu 24, usafi 18. Mtu akiishia hapo atasema stoo ndio wabaya.

Lakini stoo ni wengi! Watu 20 mara siku 20 ni zamu 400, kwa hiyo kuchelewa mara 36 ni 9 kwa kila zamu 100. Uhasibu wana zamu 160, hiyo 24 yao ni 15 kwa 100. Usafi wana zamu 288, wanatoka na kama 6 hivi. Kumbe sasa uhasibu ndio wako mbele. Hesabu ndogo sana hii, gawanya kwa zamu zilizopangwa kwenye rosta, usigawanye kwa idadi ya watu wala kwa siku za kalenda, ila ripoti nyingi za mashine hazikufanyii hiyo kazi kwa sababu mashine haina rosta yako kichwani mpaka uiweke.

Sasa vunja uhasibu kwa siku za wiki. Zile mara 24, 15 ziko Jumatatu peke yake. Watu 8 kwa Jumatatu 4 ni zamu 32, maana yake Jumatatu karibu nusu ya zamu zimechelewa, wakati siku zingine zote ni mara 9 kwenye zamu 128, kama 7 kwa 100. Bosi akiona hiyo anasema si nilijua, wikendi wanakunywa. Ngoja kwanza, fungua saa zenyewe moja moja. Utaona mara 8 ni watu wawili walewale, kila Jumatatu, na wanapiga kidole karibu saa nne. Mtu aliyelewa hafiki saa nne kila wiki kwa ratiba kama saa ya ukutani. Ukiuliza unaambiwa hao ndio wanapeleka benki pesa ya mauzo ya wikendi, wanatoka nyumbani moja kwa moja mpaka benki halafu ndio wanakuja ofisini. Hao wako kazini tangu asubuhi, mashine tu haijui. Ukitoa zile zamu 8 unabaki na kuchelewa mara 16 kwenye zamu 152, kama 10 na nusu kwa 100, na hapo uhasibu na stoo wako karibu sawa. Jumatatu bado iko juu, mara 7 kwenye zamu 24, na zote ni za dakika chache baada ya zile za huruma. Hiyo inafanana na jam ya barabara ya Jinja asubuhi ya kwanza ya wiki, watu wa Mukono na Kireka wananielewa. Kwa mwezi mmoja tu siwezi kuapa, ningengoja miezi mitatu.

Kwa kuvunja hivyo kwenye eksel huhitaji mtaalam. Tarehe iwe A, idara C, hali D, halafu fomula ya E2 uivute mpaka mstari wa mwisho, na ile ya pili uiweke kwenye seli tupu pembeni:

```
E2: =TEXT(A2,"dddd")
=COUNTIFS(C:C,"Uhasibu",E:E,"Monday",D:D,"Late")
```

Angalia tarehe kwanza lakini. Mashine nyingi zinaandika siku kwanza halafu mwezi, kompyuta nyingine inasoma mwezi kwanza, basi 03/06/2025 ambayo ni Jumanne tarehe 3 Juni inageuka kuwa tarehe 6 Machi, Alhamisi. Na hiyo 3 Juni ni siku ya Mashahidi, nusu ya nchi iko Namugongo, lakini mashine isiyowekewa sikukuu itaandika ofisi nzima haikuja. Mwaka huo tarehe 9, siku ya Mashujaa, iliangukia Jumatatu. Ripoti ya Juni yenye Jumatatu mbaya ujue uanzie hapo.

Tuje kwenye kutokuja, na hapa ndio mimi naumia zaidi. Kwa mashine, "Absent" maana yake hakuna kidole, basi. Haimaanishi hakuna mtu. Kwenye mfano wetu usafi wana "Absent" 40 kwenye zamu 288, karibu 14 kwa 100, na nyingi ziko Ijumaa na Jumamosi. Inaonekana wanajiongezea wikendi, sivyo? Chukua daftari la msimamizi ulilinganishe na ripoti siku kwa siku. Zamu 22 mtu amesaini, alikuwepo na kazi alifanya. Zingine 10 ni likizo zilizoidhinishwa ambazo hakuna aliyeziingiza kwenye mfumo. Zimebaki 8, kwenye zamu 278, hawafiki hata 3 kwa 100.

Na kwa nini Ijumaa? Alhamisi ndio siku ya usafi mkubwa, mikono inashinda kwenye maji na jiki, ngozi inakauka na kuchubuka, ile mistari ya kidole inafifia, na kioo cha mashine hakiioni. Mama anaweka kidole mara tatu, inalia inakataa, nyuma yake kuna foleni, anaenda zake kuchukua ndoo. Ukitaka kujua kama ni hivyo, angalia kama kuna siku amekosa kidole cha kuingia lakini cha kutoka kipo, na kama mashine inatunza majaribio yaliyokataliwa yatazame hayo. Dawa yake ni rahisi, sajili vidole viwili kila mkono, mpe na pini au kadi, na kioo kifutwe.

Walinzi wa usiku nao wahesabu peke yao. Anaingia saa kumi na mbili jioni anatoka alfajiri, mashine inayokata siku saa sita usiku inamwona ameingia mara mbili na hajatoka hata mara moja.

La mwisho ni idara ndogo. Idara ya watu 4, mmoja akikosa kila Jumanne, jedwali linasema Jumanne 25 kwa 100 hawapo, na kila mtu ofisini anajua ni nani. Na Jumanne inaweza kuwa siku yake ya kliniki, maana vituo vyetu vya afya vina siku maalum za kliniki fulani fulani, na watu wanazijua. Umebandika ugonjwa wa mtu ubaoni bila kuandika jina. Chini ya Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya 2019 habari za afya ziko kwenye kundi la data maalum. Mimi idara za chini ya watu 5 naziunganisha na nyingine kabla jedwali halijatoka mezani kwangu, na ile ya siku moja inayojirudia kwa mtu mmoja msimamizi anaiulizia faragha, na akiambiwa ni kliniki inaingizwa kama ruhusa, sababu haiandikwi.